Maswali na Majibu: Linki imegoma, mwajiri anasubiri

Wiki hii nimeyaweka pamoja maswali ya watu waliokosa usaili wa mtandaoni. Walioandika "dada nisaidie nimekosa intavyuu" bila kusema ilikuwa saa ngapi na kwa programu ipi nimewaacha, kwa sababu hata mwajiri hawezi kusaidia barua ya namna hiyo.

Usaili ulikuwa leo saa 4:00 asubuhi kwa Zoom. Saa 4:12 mtandao ukakatika. Nilirudi baada ya robo saa nikakuta wameshafunga. Niwaandikie nini? Mhasibu, Kimara

Kilichokuumiza ni ile robo saa. Wewe ulikuwa unahangaika na ruta, wao walikuwa watu watatu wanaotazama skrini ambayo haina mtu, hawajui umekatika au umekimbia swali. Mtandao ukikata, meseji inatangulia, ruta baadaye. Meseji ya kawaida ya simu haihitaji bando: "Samahani, mtandao umekata saa 4:12. Naingia kwa hotispoti ya simu, nikishindwa kwa dakika tano nitapiga." Ukishaandika hivyo, watu wengi watakusubiri hizo dakika tano.

Kwa kuwa hilo limepita, andika barua pepe leo hii, kabla hawajafunga ofisi. Usianzishe barua mpya. Jibu ileile iliyokuletea mwaliko, maana ofisa ana waombaji wengi na hatakukumbuka kwa jina; akifungua atakuona pamoja na nafasi yako na saa yako. Kama tangazo lilikuwa la Kiingereza, jibu kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili ingesomeka hivi:

"Habari za mchana. Mimi ni mwombaji wa nafasi ya mhasibu msaidizi, niliyekuwa na usaili leo saa 4:00 asubuhi. Mtandao wa nyumbani ulikatika saa 4:12 nikiwa najibu swali la pili. Nilirudi saa 4:27 nikakuta kikao kimefungwa. Naomba radhi kwa kuwapotezea muda, na kwa kutowajulisha mapema. Kama inawezekana, naomba tuendelee leo hata kwa simu ya kawaida, au kesho asubuhi kwa saa itakayowafaa. Kesho nitakuwa sehemu yenye intaneti ya waya, na simu yenye bando itakuwa pembeni."

Inatosha. Angalia kwamba kuna makosa mawili na umeomba radhi kwa yote mawili: kukatika, ambako hukupanga, na kukaa kimya, ambako ni kwako. Waombaji wengi huomba radhi kwa la kwanza tu, na ofisa anakereka na la pili. Usiahidi kwamba haitatokea tena, mtandao si wako. Sema ulichobadilisha. Na tafadhali, mgonjwa wa Muhimbili, foleni ya Ubungo na shida za shangazi zibaki nyumbani. Barua ikiwa na sababu nne, msomaji huanza kuitilia shaka hata ile ya kweli.

Naweza kusema tu "mtandao ulisumbua"? Mbagala

Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipopata hitilafu na intaneti ikayumba nchi nzima, ungeweza. Siku nyingine sentensi hiyo huandikwa hata na waliopitiwa na usingizi, na maofisa wanajua. Taja saa na taja ulichofanya.

Linki ya Google Meet ilikataa kabisa kunipokea. Nimwombe radhi mtu aliyenitumia linki mbovu? Sinza

Kwanza hakikisha ni mbovu. Kesi nyingi ninazoletewa linki ni nzima, ila mtu ameingia kwa akaunti nyingine. Mwaliko umekwenda kwenye barua pepe iliyo kwenye wasifu wako, wewe simu yako imefunguliwa kwa akaunti ya zamani ya chuo. Meet inakuona mgeni, inakutaka ubonyeze "Ask to join", na kama hakuna anayekuruhusu unabaki nje. Kwa upande wa Zoom, ugonjwa wa kawaida ni linki iliyonakiliwa nusu. Sehemu inayoanza na ?pwd= ndiyo inayobeba nywila; ikikatika wakati wa kunakili kutoka WhatsApp, Zoom itakuomba nywila ambayo huna.

Ukikuta mlango umekataa, piga skrinishoti inayoonyesha ujumbe wenyewe pamoja na saa ya simu juu, uitume palepale. Maneno yawe mafupi: "Nipo kwenye linki tangu saa 3:55, naona ujumbe huu. Naomba mnisaidie kuingia." Hapo huhitaji kuomba radhi, unatoa taarifa. Ukigundua baadaye kwamba ni akaunti yako iliyokosea, sema hivyo kwa sentensi moja. Kumtupia ofisa lawama ya linki, kisha yeye aifungue mbele ya mkubwa wake ikafunguka, ni kujizika mwenyewe.

Waliandika 10:00 SAST. Nikaingia saa nne kamili, nikakuta hakuna mtu, nikasubiri nusu saa nikatoka nikijua ni mtandao. Jioni wananiambia sikutokea. Masaki

Hapa mtandao hauhusiki, kaka, na usiusingizie. SAST ni saa za Afrika Kusini, ziko nyuma ya Dar kwa saa moja. Kumi yao ni saa tano asubuhi hapa. Uliwahi, ukaondoka nusu saa kabla hawajafungua. Waandikie ukweli: "Nilikosea kubadilisha saa, niliingia saa 4:00 ya Dar es Salaam badala ya saa 5:00." Ni kosa linaloeleweka, na linaonyesha ulikuwapo. Kwa waajiri wa London muwe makini zaidi, kwa sababu tofauti yetu nao ni saa mbili majira yao ya joto na saa tatu majira ya baridi. Mwaliko ukija na kitufe cha kuuweka kwenye kalenda, kibonyezeni. Simu itageuza saa yenyewe.

Tulikuwa kwenye Zoom, ikakatika kwa wote dakika ya arobaini. Wameniambia nimeondoka. Tabata

Akaunti ya bure ya Zoom hufunga kikao dakika ya 40. Uliza kwa upole kama walikuwa wanatumia hiyo, na useme uko tayari kumalizia. Usiombe radhi kwa kosa lisilo lako, utaandikwa kuwa ndiye uliyekosea.

Nimetuma samahani mara tano, hawajibu. Nitume ya sita?

Hapana. Ya kwanza ilitosha. Baada ya siku mbili za kazi piga simu mara moja, saa za ofisi, uulize kama nafasi bado ipo.

Nikidanganya kwamba nilikuwapo watajua?

Mwenye akaunti ya kulipia ya Zoom anaweza kutoa orodha ya nani aliingia saa ngapi na kutoka saa ngapi. Jibu umelipata.

Wamekubali kunipangia tena, ila wanataka elfu thelathini kwa namba ya simu "ya kufungua faili upya". Gongo la Mboto

Usitume. Ofisi ya kweli haiuzi usaili wa pili. Tafuta namba ya kampuni kwenye tovuti yao wenyewe, si kwenye meseji uliyotumiwa, upige uulize kama wanamjua huyo mtu. Na kama ulishatuma nakala ya kitambulisho cha NIDA kwenye hiyo namba, niandikie tena leo, hilo ni swali kubwa kuliko usaili.