Kwa nini spredi ya randi na shilingi ni pana kuliko ya yuro

"Wadau, kwenye EUR/USD naona spredi ya pointi moja tu, lakini nikifungua USD/ZAR ni pointi mia mbili. Broka ananiibia? Na mbona nikienda benki hapa Nairobi kununua randi za kumlipa msambazaji wangu wa Johannesburg inakuwa mbaya zaidi?"

Kwanza acha kuhesabu pointi, hesabu asilimia. Tuseme EUR/USD, bei ya yuro kwa dola, ni 1.0850 ya kununua kwa 1.0851 ya kuuza. Pengo hilo ndilo spredi, na ni karibu asilimia 0.01 ya bei. USD/ZAR, bei ya dola kwa randi, ikiwa 18.0000 kwa 18.0200, pointi mia mbili ni senti mbili za randi, yaani asilimia 0.11. Basi tofauti ya kweli ni kama mara kumi na mbili, si mara mia mbili. Bado ni kubwa, na sababu yake iko kwa dila wa benki, yule anayetoa bei ya kununua na ya kuuza kwa wakati mmoja.

Nimefanya kazi kwenye dawati la fedha za kigeni la benki hapa mjini, kwa hiyo chukua mfano wa shilingi yetu. Bei yangu ni 129.00 kwa 129.20. Msafirishaji wa chai ananipigia na kuniuzia dola 500,000 kwa 129.00. Nikipata mwagizaji wa mafuta wa kuzichukua zote kwa 129.20, benki imepata shilingi 100,000. Lakini huyo mwagizaji hayupo kwenye simu. Huenda akaja baada ya saa moja, huenda akaja kesho. Wakati huo dola zile ni zangu, na bei ikishuka nikalazimika kuziuza kwa 128.70, nimepoteza 150,000. Spredi ndiyo malipo ya kuibeba hatari hiyo.

Dila wa yuro kule London naye hubeba hatari, ila kwa sekunde chache. Anazitoa yuro zake kwenye mtambo wa soko la baina ya benki, kwa mfano EBS, ambako benki nyingi zinaweka bei mfululizo. Mimi nikitaka kuzitoa dola zangu napiga simu kwa benki nyingine chache za hapa. Kuna siku zote zimepokea dola za wasafirishaji, kila mmoja anauza na hakuna anayenunua. Kuna benki nyingine isiyoweza kufanya biashara nami kwa sababu kikomo chake cha mkopo kwangu kimejaa. Na siwezi kuzirundika tu: Benki Kuu imeweka kikomo cha fedha za kigeni ambazo benki inaweza kubaki nazo wazi, asilimia 10 ya mtaji wake wa msingi, na kila dila ana kikomo chake kidogo zaidi ndani ya hicho. Nikikikaribia, nashusha bei yangu ya kununua ili mteja anayeuza aende kwingine. Hapo ndipo unaona spredi imepanuka.

Sasa randi zako. Hakuna soko la maana la randi na shilingi moja kwa moja. Takwimu za Aprili 2022 za BIS, benki ya kimataifa ya benki kuu, zinaonyesha dola ilikuwa upande mmoja wa asilimia 88 ya biashara yote ya fedha za kigeni duniani, na ombi lako linapita huko huko. Ili nikuuzie randi, nanunua dola kwa 129.20, kisha naziuza kwa randi 18.00: randi moja inatoka shilingi 7.178. Ukitaka kunirudishia randi hizo hizo, nazipeleka kwenye dola kwa 18.02 na dola naziuza kwa 129.00: 7.159. Tofauti ni karibu asilimia 0.27, yaani spredi mbili zimejumlishwa, na benki bado haijaongeza faida yake. Hapo kwenye faida ndipo pa kubishana na benki yako. Uliza bei ya dola na ya USD/ZAR dakika hiyo hiyo, piga hesabu hii, na kinachozidi ndicho cha kupunguziwa.

Ukwasi, yaani urahisi wa kupata wa kununua au kuuza naye, ukikauka kabisa, bei ya kwenye skrini haimaanishi kitu. Mwanzoni mwa 2023 benki zilikuwa haziuziani dola hapa Nairobi, kiwango rasmi kikisema hivi na mwagizaji akilipa vingine, hadi Benki Kuu ikatoa kanuni mpya za mwenendo wa soko mwezi Machi.

Kuhusu broka wako, angalia saa. London na New York zikiwa wazi pamoja, takriban saa tisa alasiri hadi saa moja jioni kwetu, spredi ya randi inapaswa kuwa nyembamba. Karibu na saa sita au saa saba usiku, siku ya biashara ya New York inapofungwa, itatanuka hata kwa broka mwaminifu. Ikiwa pana vile vile alasiri huku mabroka wengine wakionyesha nusu yake, basi ziada hiyo ni yake, na ni haki yako kumhama.