Km/L, L/100km na mpg: kwanza ujue galoni ni ya nani

> Wakuu, nalinganisha gari tatu. Ya kwanza wameandika 15 km/L, ya pili 45 mpg, ya tatu 6.4 L/100km. Kikokotoo kimoja kinaniambia hiyo ya pili ni 5.2, kingine 6.3. Nishike kipi, na ipi inakunywa kidogo?

Mkuu, vikokotoo vyote viwili viko sahihi. Kila kimoja kimetumia galoni yake. Galoni ya Uingereza ni lita 4.546, ya Marekani ni lita 3.785, na zote kwenye tangazo zinaandikwa mpg bila maelezo. Kwa hiyo 45 mpg ya Uingereza ni lita 6.28 kwa kilomita 100, na 45 mpg ya Marekani ni lita 5.23. Tofauti hiyo ya lita moja ndiyo inayoamua kama ya pili inashinda kwa mbali au inakaribiana na ya tatu.

Mimi huwa nageuza kila kitu kuwa L/100km kabla ya kulinganisha, kwa namba tatu tu:

```
L/100km = 100 ÷ km/L
L/100km = 282.5 ÷ mpg   (Uingereza)
L/100km = 235.2 ÷ mpg   (Marekani)
```

Hizo namba hazikutoka hewani. Gari linalokwenda maili moja kwa galoni moja ya Uingereza linamaliza lita 4.546 ndani ya kilomita 1.609. Ukilipeleka hadi kilomita 100 litakuwa limekunywa lita 282.5. Likienda maili 45 kwa galoni, unagawa kwa 45, basi. Na ukitaka km/L moja kwa moja, sogeza nukta: gawa mpg kwa 2.825 au kwa 2.352. Tarakimu ni zilezile, ndiyo maana sijawahi kuzisahau.

Tuje kwenye gari zako. Ya kwanza, 100 ÷ 15, ni lita 6.67. Ya tatu ni 6.4 kama ilivyo. Ya pili ikiwa mpg yake ni ya Uingereza ni 6.28, yaani kati yake na ya tatu kuna tofauti ya lita 0.12 kwa kilomita 100. Hiyo hata upepo wa matairi unaimeza, usiifanye sababu ya kuchagua. Lakini ikiwa ni ya Marekani, basi ya pili imeziacha zote mbali.

Utajuaje ni galoni ipi? Ukiona popote karatasi ya gari hilo yenye vipimo viwili pamoja, tuseme 45 mpg na 6.3 L/100km, zidisha hizo namba mbili. Ukipata karibu na 282, galoni ni ya Uingereza. Ukipata karibu na 235, ni ya Marekani. Hapa 45 × 6.3 ni 283.5, kwa hiyo Uingereza. Ukipata namba ya ajabu isiyo karibu na yoyote, mwandishi wa tangazo amechanganya vipimo vya gari mbili, au amechukua namba ya barabara kuu upande mmoja na ya mjini upande wa pili. Kama kipimo ni kimoja tu, angalia gari lenyewe liliuzwa nchi gani lilipokuwa jipya, siyo nchi iliyolitengeneza. Gari moja lililoandikwa 36 mpg Marekani likivuka kwenda Uingereza litasomeka 43 mpg bila kubadilishwa hata msumari.

Sasa nikupe yaliyonikuta mimi, maana nilidhani haya nayajua. Nilinunua gari lililotumika Uingereza. Nikajaza tangi hadi pampu ikajikata, nikarudisha tripu kwenye sifuri, nikaendesha siku kadhaa, nikajaza tena pampu ileile. Zikaingia lita 31.5, tripu ikasoma 256. Nikagawa: 8.1. Nikashika kichwa, gari dogo lile kilomita nane kwa lita! Nikalipeleka kwa fundi, akafungua plagi, akatoa filta ya hewa, akachungulia huku na huku, kila kitu kizima. Mwisho akakaa kwenye usukani, akatazama dashibodi, akaniambia: "Kaka, hizi ni maili hizi."

Kumbe saa ya spidi ilikuwa na duara mbili, namba kubwa za nje maili na ndogo za ndani kilomita. Mimi nilizoea kusoma za ndani. Tripu yenyewe haina duara la ndani, inahesabu maili tu. Maili 256 ni kilomita 412. Gawa kwa 31.5 unapata 13.1 km/L, au lita 7.6 kwa kilomita 100, kitu cha kawaida kabisa kwa gari lile. Kwa hiyo kabla ya kulaumu injini, linganisha tripu na umbali unaoujua, au na simu. Kama simu inasema 16 na tripu inasema 10, ushajua.

Kwa nini nang'ang'ania L/100km wakati wengi wetu tumezoea km/L? Kwa sababu km/L inadanganya macho. Nyumbani tulikuwa na pikapu ya 7 km/L na gari dogo la 18 km/L, zote zinatembea karibu sawa, na hela ya kubadilisha moja tu. Pikapu mpya tuliyoiona ilikuwa 9, gari dogo jipya 23. Kwa macho, kupanda tano ni bora kuliko kupanda mbili. Geuza uone: pikapu inatoka lita 14.3 hadi 11.1, inaokoa zaidi ya lita tatu kila kilomita 100. Gari dogo linatoka 5.6 hadi 4.3, linaokoa lita moja na kidogo. Tukabadilisha pikapu. Mpg nayo ina ugonjwa huohuo, maana zote mbili zinahesabu umbali kwa mafuta, wakati unachonunua wewe ni mafuta kwa umbali.

Jambo moja ambalo hesabu haitakutatulia. Hiyo 15 km/L, kama imetoka kwenye katalogi ya Japani, itakuwa na jina la jaribio pembeni: 10・15, JC08 au WLTC. Hilo la kwanza ni la zamani na ni laini sana, namba zake barabarani huzioni. WLTC ndiyo iko karibu na maisha. Ulaya nako gari za kabla ya 2017 zilipimwa kwa NEDC, ambayo nayo ni laini, kisha ikaingia WLTP. Ukilinganisha 10・15 na WLTP umelinganisha mitihani miwili tofauti, hata kama umegeuza vipimo vizuri mpaka nukta ya mwisho. Tuwekee hapa mwaka wa kila gari na jina la jaribio kama lipo, na hiyo ya pili iliuzwa wapi ikiwa mpya, halafu tuzipange upya.