Hasira kwa mzazi: futa hukumu, bakiza tendo

"Nikiandika kuhusu baba, rasimu inageuka mashtaka. Nikilainisha, inakuwa kilio. Nifanyeje?"

Pigia mstari kila neno linalohukumu: mkatili, mbinafsi, hakunijali. Mahali pake weka alichofanya au alichosema, kwa maneno yake. "Baba hakunijali" inaweza kuwa: "Baba aliisoma barua ya shule, akaikunja, akasema, 'Mdogo wako kwanza.' Akaongeza sauti ya redio." Hasira haijapungua, ila sasa msomaji anaiona mwenyewe, na yale maneno matatu yanampa baba sababu bila wewe kumtetea.

Pagumu ni kujiandika wewe mwenyewe uliyekuwepo. Kama ulimnunia mdogo wako wiki nzima, andika hivyo, bila kujilaumu kupita kiasi. Halafu mtenganishe mtoto wa wakati ule na mtu mzima anayesimulia. Ikiwa miaka mingi baadaye uligundua baba alikuwa na madeni, yaweke pale ulipoyajua. Ukiyatanguliza, unamsamehe kabla msomaji hajaona kosa.

Na ile aya ya mwisho inayoanza "Leo namwelewa baba"? Mimi huikata kwanza. Mara nyingi rasimu ilishaisha aya moja kabla.