Wigi la 613, wigi la 1B: tazama nywele kabla ya kufungua rangi

Mdogo wangu unayeanza kazi ya kupaka rangi mawigi, mteja atakuonyesha picha ya rangi anayoitaka. Weka hiyo picha pembeni kwanza, ushike wigi lenyewe. Rangi utakayopata ni ile ya kwenye boksi ikichanganyika na ile iliyomo tayari kwenye nywele, na ya boksi haina uwezo wa kung'arisha nywele zilizokwisha kupakwa rangi nyeusi.

Tuanze na weusi. 1B inaweza kuwa nywele ambayo haijaguswa, au iliyotiwa rangi kiwandani ili ifanane. Peleka juani: ambayo haijaguswa huonyesha kahawia, na unywele mmoja hautafanana sana na mwingine. Ya kiwandani ni nyeusi moja kuanzia juu hadi nchani, mara nyingine ina ubluu kwa mbali. Ile namba 1, nyeusi tii, karibu siku zote imepakwa. Kata nywele chache nyuma, karibu na shingo, uzijaribishe kwa blichi na peroksaidi ya 6%, ukiangalia kila baada ya dakika kumi. Nywele nzuri hupanda kwa mpangilio: kahawia nyekundu, chungwa, kisha njano. Iliyopakwa hukwama kwenye nyekundu au hutoka mabaka. Ukiilowesha na kuivuta ikanyumbuka kama mpira, acha. Huenda gamba lake la nje limeshaondolewa, na silikoni ndiyo iliyokuwa ikiing'arisha dukani. Usiongeze nguvu kwa peroksaidi ya 12%. Nywele za wigi hazioti tena.

Kwa 1B iliyokubali, basi, ahidi maruni au kahawia ya moto. Blondi ya majivu usiahidi.

613 ni kinyume chake. Imeshapaushwa hadi njano, kwa hiyo inapokea pinki, bluu, maruni, chochote, tena bila peroksaidi. Hapo ndipo wageni wa kazi hii hudhani kwamba kuipeleka kahawia ni rahisi kuliko yote. Kumbe ndiyo inayowaumbua. Nywele za kahawia za asili zina wekundu na uchungwa ndani yake, na blichi imeviondoa vyote. Ukipaka kahawia moja kwa moja juu ya njano, hasa kahawia ya majivu yenye bluu ndani, unapata kitu cha kijani kama tope la bwawa, na baada ya kuoshwa mara kadhaa inazidi.

Chukua mfano wa mteja anayetaka wigi lake la 613 liwe kahawia, namba 4 kwenye boksi. Kwanza rudisha kilichopotea. Paka rangi ya muda ya shaba iliyochanganywa na dhahabu, isiyohitaji peroksaidi, mpaka wigi zima liwe kama tangawizi. Mteja akilipitia hapo atashtuka, mwambie asubiri. Suuza kwa maji tu bila shampuu, kausha kwa taulo libaki na unyevu. Sasa paka kahawia, ila chagua 5 badala ya 4, kwa sababu nywele iliyopaushwa hunywa rangi na kutoka nyeusi zaidi ya boksi. Chagua isiyo ya majivu. Peroksaidi ya 3% inatosha, maana hung'arishi kitu. Futa unywele mmoja kwa tishu kila baada ya dakika tano uone ulipofika. Ncha hunywa haraka kuliko juu, kwa hiyo zipake mwisho. Ule utaratibu wa saluni wa kuogopa mizizi iwahi kwa sababu ya joto la kichwa hauhusiki hapa. Wigi halina joto.

Wavu wa mbele una sheria yake. Nyuzi zake hushika rangi, na doa la kahawia kwenye wavu mweupe halitoki kirahisi. Paka mafuta mazito ya mgando upande wa ndani na kwenye ukingo, ushike wigi kwa kofia, nywele zikining'inia, na uache kama sentimita mbili karibu na wavu. Hizo utazimalizia kwa brashi ndogo, rangi ikiwa nzito isiyotiririka. Kumbuka pia kwamba vifundo vinavyofunga nywele za 613 kwenye wavu havionekani kwa sababu ni vyeupe. Ukivipaka kahawia vitakuwa vidoti.

Siku ya kumkabidhi, mwambie ukweli kuhusu kufifia. Maruni juu ya 613 huelekea pinki, kahawia huelekea shaba, na kila kuoshwa kunapunguza. Aoshe kwa maji ya baridi, kwa shampuu isiyo na salfeti, na bei ya kuirudisha rangi mpange hapo hapo kabla hajaondoka.