Kutu au bakajani? Namna ninavyosoma picha ya jani la mahindi na la maharagwe

*"Wanajukwaa, mimi niko Kasarani na mama yuko shambani Kangundo. Hunitumia picha za majani ya mahindi na maharagwe, lakini mimi naona madoa ya kahawia tu. Nitajuaje ipi ni kutu na ipi ni bakajani kabla hatujanunua dawa?"*

Ndugu, nimekuwa katika hali hiyo kwa misimu kadhaa, kwani mimi naishi Kahawa West na dada yangu ndiye anayelima kipande chetu kule Gatundu, mahindi na maharagwe katika shamba moja. Jambo la kwanza nililojifunza ni kutotegemea rangi. Karibu kila ugonjwa wa majani ya mimea hii miwili huishia kuwa wa kahawia, na simu nayo hubadilisha rangi kulingana na jua. Kinachosema kweli ni mambo mawili ambayo picha ya karibu inaweza kuyaonyesha: iwapo doa limeinuka au limelala ndani ya jani, na ukingo wake unafanya nini unapokutana na mshipa.

Kutu ya mahindi ni vipele. Ni vidogo, vya mviringo au virefu kidogo, vya rangi ya mdalasini, na huonekana pande zote mbili za jani. Ukitazama vizuri utaona ngozi ya jani imepasuka na unga umejitokeza katikati, na vipele vikizeeka unga huo hugeuka kuwa mweusi. Kwa sababu hiyo humwomba dada apanguse jani kwa karatasi nyeupe ya shashi, kisha apige picha ya karatasi hiyo pamoja na jani. Karatasi ikibaki na alama ya kahawia kama ya matofali yaliyosagwa, ni kutu. Ikibaki safi, kutu huwa imeondoka katika mawazo yangu, isipokuwa mvua kubwa iwe imenyesha muda mfupi uliopita na kuuosha unga.

Bakajani ya mahindi haina unga wa namna hiyo, bali ni sehemu ya jani iliyokufa. Doa lake ni refu, limechongoka pande zote mbili kama sigara, la kijivujivu mwanzoni na baadaye la rangi ya majani makavu, na linaweza kufikia sentimita 15. Halijali mishipa, hupita juu yake. Linalofanana nalo, na ambalo watu wengi hulichanganya, ni lile la ugonjwa wa madoa ya kijivu: hili limefungwa na mishipa, kwa hiyo kingo zake za pembeni zimenyooka kama zilizopigwa rula, na ncha zake ni butu. Msimu wa mvua ndefu uliopita dada alinitumia picha aliyoipiga akiwa amesimama, nami nikaona mistari ya kahawia tu. Nilimwomba apige tena kwa umbali wa shubiri moja, akiwa ameweka rula ya mtoto kando ya doa. Doa lilikuwa na urefu wa sentimita 4, upana wa milimita 3 hivi, na pembe nne zilizo wazi. Hapo hapakuwa na ubishi kwamba yalikuwa madoa ya kijivu, na tulijua pia kwa nini: tulikuwa tumepanda mahindi mahali pale pale misimu mitatu mfululizo, na mabua ya zamani, ambamo kuvu huyo hujihifadhi, yalikuwa yameachwa juu ya udongo.

Kwa upande wa maharagwe ndiko nilikokosea vibaya, na nitaeleza kwa kirefu kwa sababu kosa lenyewe lilitokana na picha. Dada alituma picha ya upande wa juu wa jani. Niliona madoa ya kahawia yaliyozungukwa na manjano, na kwa kuwa kipele cha kutu ya maharagwe nacho mara nyingi huzungukwa na duara la manjano, nikamwambia ni kutu. Alinunua dawa ya ukungu, akapulizia mara mbili kwa kupishana siku kumi, na madoa yakaendelea kutanuka hata yakaungana. Ndipo nilipomwomba aliinue jani lielekee mwanga wa anga, apige picha kutoka chini yake. Picha hiyo ilieleza kila kitu: hapakuwa na kipele hata kimoja upande wa chini, ambako kutu ya maharagwe huonekana zaidi, na pembezoni mwa madoa machanga palikuwa na sehemu zinazopitisha mwanga, kama karatasi iliyodondokewa na mafuta. Utepe wa manjano nao ulikuwa mwembamba, wa rangi ya limau, ukifuata ukingo wa sehemu iliyokauka. Ile ilikuwa bakajani ya bakteria. Dawa ya ukungu tuliyonunua haiui bakteria, kwa hiyo fedha na siku zile zilipotea bure.

Mbegu tulizopanda zilikuwa zile tulizohifadhi kutoka mavuno yaliyotangulia, na ugonjwa huu husafiri ndani ya mbegu. Msimu uliofuata tulinunua mbegu zilizothibitishwa, tukahamisha maharagwe hadi upande mwingine wa shamba, na dada akaacha kupalilia majani yakiwa na umande, kwa sababu bakteria hao huhama kwa maji kupitia mikono, nguo na jembe.

Kuna doa moja zaidi la maharagwe ambalo mama yako anaweza kukutumia, nalo ni madoa pembe. Limekatwa na mishipa hata likawa na umbo la pembetatu au mraba, na asubuhi yenye unyevu upande wake wa chini huwa na vinyweleo vya kijivu au vyeusi.

Basi mwombe mama akutumie picha tatu za jani lile lile: juu, chini, na moja ya kulitazama kwenye mwanga. Apige asubuhi kivulini, bila fleshi, na aguse doa kwenye kioo cha simu ili lenzi ilenge hapo. Achague jani lenye madoa machanga na makubwa kwa pamoja, kwa sababu doa lililozeeka huvamiwa na kuvu wengine na kupoteza umbo lake. Kwenye WhatsApp azitume kama faili, si kama picha ya kawaida, la sivyo vipele vidogo hupotea zinapobanwa. Akuambie pia ugonjwa ulianzia majani ya chini au ya juu, jambo ambalo picha ya jani moja haiwezi kukuonyesha.

Na kama madoa ni machanga mno, madogo kama kichwa cha pini, usiamue kwa picha. Katika hatua hiyo hata mimi siwezi kutenganisha madoa ya kijivu na bakajani. Subiri siku chache yakue, au atume majani kadhaa kwa gari la matatu yakiwa yamefungwa katika gazeti kavu, kamwe si katika mfuko wa plastiki kwa kuwa yataoza njiani, nawe uyapeleke kwenye maabara za KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, pale Kabete.