Jina la ukoo kwa Mhabeshi: usilipe hiyo tiketi kwanza!

> "Wakuu, jamaa wa Ethiopia kazini kwetu kaniomba nimkatie tiketi mtandaoni, Dar kwenda Addis na kurudi, yeye, mke na mtoto. Fomu inataka jina la ukoo, yeye anasema hana. Nikiweka jina lake la mwisho kwa wote watatu si sawa tu?"

Mkuu funga hiyo peji kwanza. Usilipe. Hilo la "jina lake la mwisho kwa wote watatu" ndilo lililonila mimi hela mpaka leo nikiona tangazo la tiketi za bei poa nageuza uso.

Jamaa kakwambia ukweli, hana jina la ukoo. Mhabeshi ana jina lake, linafuata la baba, linafuata la babu, basi imeisha. Na mke akiolewa habadilishi kitu. Si unamjua Tirunesh Dibaba yule mwanariadha? Kaolewa na Sileshi Sihine, mwanariadha mwenzake, lakini hajawahi kuitwa Tirunesh Sihine, Dibaba ni baba yake na atabaki baba yake. Sasa wewe unataka kumvalisha mke wa mwenzio jina la babu wa mumewe, mtu ambaye hamhusu hata kidogo.

Mimi nilikuwa nawasaidia majirani, familia kama hiyo hiyo yako. Majina nabadilisha, tuseme baba ni Tesfaye Bekele Wolde, mama Almaz Girma Tadesse, mtoto Samuel Tesfaye Bekele. Angalia vizuri, hapo hakuna hata wawili wenye jina la mwisho linalofanana, na ni baba, mama na mtoto wa damu kabisa! Mtoto kabeba jina la baba na la babu, kwa hiyo Wolde kwake halipo, limeshadondoka. Nikaenda kwa jamaa mmoja wa ofisi ya kukata tiketi, ana suti, ana kiyoyozi, nikamuuliza. Akanijibu bila hata kuinua macho kwenye simu, "weka la baba kwa wote, familia ni moja, wakiwa na majina tofauti uhamiaji watawasumbua." Nikaamini. Suti bwana. Natamani siku moja nimkatie yeye tiketi kwa jina la mjomba wa jirani yake nione atapanda na nini.

Kilichotokea kaunta pale uwanjani: tiketi ya mama inasoma WOLDE/ALMAZ, pasi inasema TADESSE. Dada wa kaunta kapitisha pasi kwenye mashine, kaangalia skrini, kaangalia pasi, kaniangalia mimi. Kosa la herufi moja mbili mashirika mengi wanakurekebishia, lakini jina zima la ukoo kwenye tiketi likiwa lingine kwao huyo ni mtu mwingine, na tiketi haihamishwi kwa mtu mwingine. Mtoto naye hivyo hivyo, nilimwandika WOLDE wakati pasi yake ni BEKELE. Baba peke yake ndo alikuwa safi, na baba hawezi kuondoka awaache. Ikabidi zinunuliwe mpya mbili kwa bei ya siku ile, na bei ya siku ile mkuu usiulize. Nikajifariji kwamba angalau za kurudi zipo, kumbe wapi, ukishindwa kupanda safari ya kwanza ya tiketi, kipande cha kurudi nacho kinafutwa chenyewe. Nani alilipa? Mimi niliyejifanya mjuaji. Jirani alikataa kabisa nilipe, mkewe hakukataa, akanitazama tu, nikatoa kadi.

Sasa shika hii moja, mengine yote achana nayo: jina la tiketi huulizi mtu, unalisoma kwenye pasi, na kwenye pasi husomi pale juu, unasoma mistari miwili ya chini ya ukurasa wenye picha, ile yenye vialama vingi vya <. Mashine ya kaunta nayo inasoma hapo hapo. Ya wale watatu ilikuwa hivi:

```
P<ETHWOLDE<<TESFAYE<BEKELE<<<<<<<<<<<<<<<<<<
P<ETHTADESSE<<ALMAZ<GIRMA<<<<<<<<<<<<<<<<<<<
P<ETHBEKELE<<SAMUEL<TESFAYE<<<<<<<<<<<<<<<<<
```

P ni pasi, ETH ni nchi, kisha inaanza jina. Kilichopo kabla ya << mbili za kwanza kinaenda kwenye SURNAME. Vilivyopo baada yake vinaenda kwenye GIVEN NAMES, kila < moja ni nafasi. Haijalishi ni jina la babu, la baba au la nani, hapo hatufanyi utafiti wa koo za watu, tunanakili. Pasi nyingine utakuta wameligawa tofauti na hizi zangu, ndo maana nakwambia soma, usikariri kwamba "babu ndo surname".

Ukikuta jina moja tu na << katikati hakuna, yaani baada ya jina ni < mpaka mwisho wa mstari, hapo usibuni. Mashirika yanatofautiana, wengine wanataka urudie jina lile lile mara mbili, wengine wanataka FNU, yaani First Name Unknown, kwenye jina la kwanza, kwa hiyo unapiga simu kwa shirika lenyewe. Sio kwa mwenye suti.

Mtego mwingine, karatasi zao nyingine kama vyeti na barua za kazi utakuta G/Mariam au H/Mariam au W/Giorgis. Huo mkwaju sio pambo, ni kifupi, Gebremariam, Hailemariam, Woldegiorgis, ni jina MOJA la mtu mmoja. Ukiuchapa hivyo kwenye fomu umekwisha, maana kwenye tiketi mkwaju ndo unaotenganisha SURNAME na majina mengine. Na kama pasi imeliandika GEBRE<MARIAM acha nafasi, kama imeliunganisha GEBREMARIAM liunganishe, usimsahihishie.

Wasomali ni mtindo huo huo wa majina matatu ila wana na majina ya utani yanayogeuka kama ya ukoo. Yule rais wao wa zamani wote tunamwita Farmaajo, jina lake ni Mohamed Abdullahi Mohamed. Tena kwa Kisomali Hassan anaandikwa Xasan na Ali anaandikwa Cali, kwa hiyo mtu mmoja, karatasi mbili, unaweza kudhani ni ndugu wawili. Pasi ndo inayoshinda.

Kwa hiyo mwambie jamaa akutumie picha za pasi zote tatu, ukurasa mzima mpaka chini, asikutajie kwa simu wala kukuandikia kwenye meseji, na usikubali picha iliyokatwa mistari ya chini. Tiketi ikija ukaona TESFAYEBEKELEMR limegandana usipagawe, mifumo mingi hula nafasi na kubandika MR mwishoni, hilo halina shida. Angalia tu upande wa kabla ya mkwaju, mmoja mmoja.

Kuhusu hayo ya uhamiaji aliyonitishia yule bwana, mama na mtoto kuwa na majina tofauti kwa Wahabeshi ni kawaida. Abebe cheti cha kuzaliwa cha mtoto chenye jina la mama, akiulizwa anatoa.

Na kama ulishabonyeza kulipa kabla hujasoma hapa, piga simu sasa hivi, sio kesho. Tiketi iliyokatwa leo mara nyingi leo hii hii bado inafutika, kesho utaanza kuongelea faini.