Udaktari Uganda au ng'ambo: anza na Baraza, ada baadaye

Swali: "Wakuu, kijana wangu kamaliza kidato cha sita PCB, anataka udaktari. Wakala anatuvutia India au China, jirani anasema Uganda ni rahisi na ni karibu. Nachoogopa ni gharama, digrii kukataliwa akirudi, na mtoto kuwa mbali. Tuko Mwanza. Mnashauri nini?"

Mkuu, wazazi wengi huanza na ada, wakishalipa ndipo huuliza kama digrii inatambulika. Geuza huo mpangilio. Kwa udaktari kuna milango mitatu, na kila mmoja una bawabu wake.

Mlango wa kwanza uko kwa wenyeji. Uganda msimamizi wa vyuo vikuu ni NCHE, na yeye huidhinisha kozi moja moja. Chuo kinaweza kuwa na hati safi huku kozi ya udaktari muda wake wa ithibati umeisha. Mwaka 2023 pale Uganda kulizuka kelele kubwa kwa sababu hiyo: orodha ya NCHE ilionyesha kozi nyingi zimepitwa na muda, zikiwemo za vyuo vya serikali vyenye jina. Kwa hiyo fungua orodha yenyewe, tafuta MBChB ya chuo hicho, tena kwenye kampasi husika, uhifadhi ukurasa huo ukiwa na tarehe. MBChB usiishangae, ndiyo MD ya kwetu: miaka mitano darasani na wodini, kisha mwaka mmoja wa utarajali.

Mlango wa pili ni TCU. Wanakuhusu mara mbili. Kabla kijana hajaondoka unaomba cheti cha kutokuwa na pingamizi, na akirudi anaomba tuzo yake itathminiwe. Watu hukiruka kile cha mwanzo kwa kuwa mpakani Mutukula hakuna anayekiuliza. Hapo wanajinyima nafasi ya kuambiwa "hapana" wakati bado hawajatoa hata shilingi.

Mlango wa tatu ndio mzito: Baraza la Madaktari Tanganyika. TCU inatambua digrii, lakini ruhusa ya kumgusa mgonjwa inatoka kwa Baraza. Mabaraza ya nchi za Afrika Mashariki yana utaratibu wa kukagua vyuo vya udaktari kwa pamoja na kutambuana, na hapa ndipo Uganda inaizidi China au India kwa mtu wa kwetu: chuo kilichopita ukaguzi huo kinafahamika tayari mezani mwa Baraza. Hata hivyo mtihani wa kabla ya utarajali unamsubiri, asidhani jirani anapita bure. Liandikie Baraza barua pepe, taja jina la chuo, kampasi na kozi, uulize kama wahitimu wake wanasajiliwa. Subiri jibu la maandishi. La simu halitakusaidia baada ya miaka sita.

Sasa mtego ambao mawakala hawautaji. Uganda kuna cheti cha mwaka mmoja kwa wale ambao alama zao za kidato cha sita hazikutosha, kinaitwa Higher Education Certificate. Kwa sheria zao ni halali kabisa, na chuo kitamsajili kijana bila hila yoyote. Tatizo linakuja nyumbani, kwa sababu anayekuja kutathmini hapa hurudi hadi kwenye matokeo ya NECTA. Kama alama za kijana hazifikii vigezo vya TCU vya udaktari kwenye Fizikia, Kemia na Baiolojia, cheti hicho hakizibadilishi alama hizo. Kwa hiyo swali la kwanza kabisa ni hili: kwa matokeo aliyonayo, angeruhusiwa kuomba udaktari hapa Tanzania? Kama ndiyo, na amekosa nafasi kwa ushindani tu, endelea. Kama hapana, usilipe chochote mpaka TCU na Baraza wote wamejibu kwa maandishi kuhusu cheti hicho. Onyo hili linazihusu pia kozi za maandalizi za China na kwingineko.

Tuje kwenye kalenda, maana inawachanganya wengi. Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai. Waganda hufanya mtihani wao mwishoni mwa mwaka, hivyo dirisha lao la maombi limeshapiga hatua wakati sisi bado tunasubiri, na muhula wao huanza Agosti. Zaidi ya hapo, matokeo ya nje lazima yalinganishwe na baraza lao la mitihani, UNEB, ndipo chuo kimpokee rasmi. Kuna fomu, kuna ada, na NECTA wanaweza kutakiwa kuthibitisha matokeo. Kama kijana aliitwa JKT baada ya mtihani, ndiyo kabisa muda unabana. Mwenye haraka huishia kusajiliwa "kwa muda" huku ulinganisho haujakamilika, halafu muhula wa pili anazuiwa mtihani. Afadhali kuingia Januari kwa vyuo vyenye mkupuo huo, au Agosti ya mwaka unaofuata, kuliko kukimbizana na wiki tatu.

Gharama sasa. Kosa la kwanza ni kusoma ada ya semesta ukadhani ni ya mwaka. La pili ni kusoma safu isiyo yako: jedwali la ada mara nyingi lina safu ya raia na safu ya wageni, na vyuo kadhaa huwaweka Waafrika Mashariki pamoja na raia, vingine havifanyi hivyo. Uliza kwa barua pepe Mtanzania anakaa safu gani, na kama ada inatozwa kwa shilingi au dola. La tatu ni zile ada ndogondogo nje ya ada ya masomo, yaani usajili, mitihani, maktaba, kitambulisho, chama cha wanafunzi, hata ada ya NCHE yenyewe.

Nakupigia hesabu ya mfano ili uone namna. Tarakimu ni za kudhania, weka za chuo chako. Chukulia ada ni 5,000,000 za Uganda kwa semesta, ada ndogondogo 800,000, hosteli 1,000,000. Semesta ni wiki 17, sema siku 120, na chakula 12,000 kwa siku ni 1,440,000. Jumla 8,240,000. Mara semesta 10 ni 82,400,000. Shilingi yetu moja ukiihesabu kama 1.45 ya kwao, unapata karibu milioni 57 za Tanzania kwa miaka mitano. Ongeza asilimia 10 kwa kuyumba kwa kubadili fedha, na bado hujaweka nauli, vifaa na masomo ya kurudia. Sapu moja si kitu, lakini kurudia mwaka kunakula semesta mbili nzima. Mkopo wa Bodi usiuweke kwenye hesabu hii.

Hesabu ya wakala ya ng'ambo huwa inaonekana karibu na hiyo, wakati mwingine chini. Angalia alichoacha. Kule kijana analipa pango na chakula miezi 12, kwa sababu harudi likizo, wakati wa Uganda anakula kwako likizo ikifika, angalau miaka ya mwanzo kabla ratiba ya wodi haijazibana. Ongeza viza, bima na tiketi za ndege. Kwa Uganda, raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hupewa pasi ya mwanafunzi bila malipo, ila lazima aiombe uhamiaji kwa barua ya chuo. Wengi hukaa kwa muhuri wa mgeni mpaka unaisha, kisha wanalipa faini kwa kitu kilichokuwa bure.

Ada ilipwe kwa namba ya malipo ya chuo, inayotoka kwenye akaunti ya mwanafunzi mwenyewe ndani ya mfumo wa chuo. Vyuo vya serikali Uganda hutumia PRN. Ukiambiwa utume kwa namba ya simu ya mtu "akulipie", hapo hakuna chuo.

Kuhusu umbali, usipime kwa nchi, pima kwa mji. Kutoka Mwanza unapita Bukoba, unavuka Mutukula, unafika Masaka. Hapo Kampala iko upande mmoja na Mbarara upande mwingine, hivyo kijana wa Mbarara hana haja hata ya kuingia Kampala. Gulu ni habari nyingine, ni kaskazini kabisa, safari inaongezeka siku. Awe na pasipoti na kadi ya homa ya manjano. Bima ya afya ya nyumbani haivuki mpaka, kwa hiyo uliza chuo kinatoa matibabu gani kwa hizo ada ndogondogo.

Kuwa karibu kunahesabika zaidi mambo yakiharibika. China ilifunga mipaka kwa wanafunzi wa kigeni mwaka 2020 na wengi walikaa nje zaidi ya miaka miwili wakisomea kwenye kompyuta, na udaktari wa kompyuta haujazi saa za wodini. Ukraine 2022 wanafunzi wetu walitoka kwa kuvuka mipaka kwa miguu na treni. Lakini usinielewe kwamba Afrika pekee ni kinga: Aprili 2023 Watanzania waliokuwa wakisoma Khartoum walilazimika kuondolewa vitani. Tofauti ni kwamba kutoka Mbarara kijana anapanda basi tu.

Jambo dogo linalosahaulika ni lugha ya wagonjwa. Darasani ni Kiingereza kote. Kuanzia mwaka wa tatu kijana atachukua historia ya mgonjwa mwenyewe, na hospitali ya Mulago pale Kampala mgonjwa anaongea Kiganda, Mbarara Kinyankole, Gulu Kiacholi. Kiswahili kitamsaidia kwa baadhi tu. Kijana aliyelelewa na Kihaya atakishika Kinyankole haraka, lugha hizo ni ndugu. Hata hivyo kuzoea Kinyankole ni kazi ya miezi. Kichina cha wodini ni cha miaka, na wanaokikwepa hutazama tu mgonjwa akihojiwa na wengine, kisha wanakuja kushangaa kwenye mtihani wa Baraza.

Nisingeifuta India kabisa. Kama ana ufadhili wa kweli wa ada na malazi, na Baraza limejibu vizuri kuhusu chuo hicho, aende. Kwa pesa ya mfukoni ningechagua Mbarara au Makerere kabla ya chuo chochote cha ng'ambo kinacholetwa na wakala wa kulipwa kwa kichwa.

Wakati unasubiri majibu ya Baraza, mwache aombe pia vyuo vya hapa kwenye dirisha la TCU. Akichaguliwa zaidi ya kimoja hatafungwa mpaka athibitishe kwa namba ya siri atakayotumiwa, na asiithibitishe kabla hujapata jibu la Uganda, ila achunge tarehe ya mwisho ya uthibitisho, maana ikipita nafasi anapewa mwingine.